Barua ya kuomba kupeleka mkate na vitafunwa hotelini kila siku (bekari ndogo, Nyakato)

Tanuri_la_Nyakato
Wakuu habari za jioni. Nina bekari ndogo hapa Nyakato, Mwanza: tanuri moja la gesi, kikandio cha kilo 25, wafanyakazi wanne. Uwezo wetu kwa siku ni mfuko mmoja wa ngano wa kilo 50, na kwa sasa tunatumia nusu tu. Nataka kumwandikia meneja wa hoteli moja ya vyumba 40 upande wa Capri Point ili tumpelekee mkate na vitafunwa kwa mkataba. Barua niliyoandika inaanza hivi:

"YAH: OMBI LA KUSAMBAZA MIKATE. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni bekari yenye uzoefu, tunatengeneza mikate bora, mitamu na ya kisasa kwa bei nafuu. Tuna uwezo wa kuleta mikate 100 kila siku na tunaahidi kutokuangusha..."

Nirekebishieni kabla sijaipeleka.

Bugarika_Junior
Mkuu usisahau kuandika kwamba mikate isipouzika utairudisha na kuwapa mipya. Wenye maduka huku hawakubali kitu bila hiyo. Na andika faida watakayopata kwa kila mkate.

MtunzaStoo
Bugarika, hilo ni la duka. Hoteli haiuzi mkate, inauweka mezani kwa mgeni ambaye kifungua kinywa chake kimo ndani ya bei ya chumba. Hakuna faida kwa kila mkate ya kumwonyesha meneja. Ukimwandikia kwamba unachukua mabaki, umempa ruhusa ya kuagiza ovyo na kukurudishia hasara kila asubuhi.

Sasa Tanuri, hiyo "mikate 100" ndiyo itakayoitupa barua yako kapuni. Piga hesabu ya hoteli kabla hujapiga ya tanuri lako. Vyumba 40, siku ya kawaida tuseme vimejaa 24. Wengi ni watu wa kazi, mmoja mmoja, wachache wawili wawili, kwa hiyo mezani asubuhi unapata watu kama 29. Mgeni mmoja anachukua slesi 3 ukichanganya anayekula nne na asiyegusa. Hizo ni slesi 87. Mkate wa gramu 800 ukikatwa vizuri na kuondolewa vichwa viwili unatoa slesi 16 za kuweka mezani. Gawanya: mikate 6.

Sita, si mia. Meneja akisoma 100 anajua papo hapo kwamba hujawahi kufikiria jiko lake.

Tanuri_la_Nyakato
Duh. Mikate sita si inaishia kwenye nauli ya guta? Basi hii biashara haipo.

MtunzaStoo
Ipo, lakini haiko kwenye mkate. Iko kwenye vitafunwa na kwenye kumbi za semina. Kila mgeni huchukua kipande kimoja au viwili vidogo: keki ndogo, donati, hafukeki, skonzi. Kwa watu 29 weka vipande 44. Halafu kuna chai ya saa nne ya semina. Watu 60 ukumbini, vipande viwili kila mmoja, ni vipande 120 kwa siku moja. Hoteli zenye kumbi hapa mjini zinahangaikia hiyo chai kuliko kifungua kinywa, kwa sababu mwenye semina huongeza watu dakika za mwisho na jiko la hoteli lina tanuri moja ambalo wakati huo linachoma kuku wa mchana.

Kwa hiyo kichwa cha barua kiwe cha vitafunwa na mkate, na semina itajwe kwenye aya ya kwanza.

MamaVitafunio
Stoo amesema kweli. Mimi naongeza: usiende bila kroisanti. Mameneja wanapenda kuona kroisanti kwenye orodha, hoteli inaonekana ya hadhi. Andika "kroisanti za moto kila asubuhi" na uweke bei ya chini kuliko wote mjini, utapandisha baadaye wakishakuzoea.

MtunzaStoo
Mama, kwenye hadhi sikupingi, lakini hayo mengine mawili yatamfunga. Kroisanti ni unga unaokunjwa na siagi mara tatu, na siagi lazima ibaki ngumu lakini ikunjike. Katikati ya kila mkunjo unga unapumzika kwenye friji. Na hata ukishakata na kuumbia, ukiuacha uumuke kwenye chumba cha moto pembeni ya tanuri, siagi inayeyuka kabla haujaingia kuokwa. Dalili utaiona kwenye trei: dimbwi la mafuta chini, na ndani kroisanti imekuwa kama bofulo, haina matabaka. Tanuri, una friji ya kutosha trei za unga?

Tanuri_la_Nyakato
Nina friji moja ya kawaida ya nyumbani, ina siagi na mayai.

MtunzaStoo
Basi isiingie kwenye barua. Andika vitu vitano unavyoweza kuvitoa vilevile siku 30 mfululizo. Mpishi mkuu hakasiriki kwa kukosa kroisanti kwenye orodha, anakasirika zikija nzuri Jumatatu na Alhamisi zimelowa mafuta.

Mhasibu_Kirumba
Na hiyo ya bei ya chini ili upandishe baadaye haifanyi kazi na hoteli. Bei ikishaingia kwenye mfumo wao wa manunuzi, kuibadilisha kunahitaji barua nyingine na sahihi tatu. Weka bei yako ya kweli, ila weka na kanuni ya kuibadilisha. Tanuri, mkate wako wa gramu 800 unakula ngano kiasi gani?

Tanuri_la_Nyakato
Tunapima donge gramu 910 mbichi kwa sababu linapoteza kama 12% likiokwa. Kilo 50 za ngano zinatoa donge la kilo 82 na nusu hivi ukijumlisha maji, sukari, mafuta, hamira na chumvi. Inakuja mikate 90.

Mhasibu_Kirumba
Safi, hesabu hiyo ndiyo silaha yako. Gramu 910 gawanya kwa 1.65, mkate mmoja una ngano gramu 550 kwa makadirio. Mfuko ukipanda shilingi 10,000, kilo moja imepanda 200, na mkate umepanda shilingi 110. Kwa hiyo kwenye barua usiandike "bei inaweza kubadilika kutokana na soko", hiyo mhasibu wa hoteli anaisoma kama "nitawapandishia nikitaka". Andika: mfuko wa kilo 50 ukipanda au kushuka kwa shilingi 10,000 kutoka bei ya leo, mkate utapanda au kushuka kwa 110, kwa taarifa ya siku 14 na nakala ya risiti ya ngano. Hilo neno "kushuka" usiliondoe. Ndilo linalomfanya meneja aamini lile la "kupanda".

Sasa malipo. Tuambie bei zako tuone.

Tanuri_la_Nyakato
Mkate 2,500. Vipande vyote nimeweka 800 ili iwe rahisi.

Mhasibu_Kirumba
Siku ya kawaida basi: mikate 6 ni 15,000, vipande 44 ni 35,200. Jumla 50,200. Kwa siku 30 ni 1,506,000. Tuseme hoteli ina siku 8 za semina kwa mwezi, vipande 120 kila siku, hiyo ni 96,000 mara 8, yaani 768,000. Mwezi mzima 2,274,000.

Hoteli itakwambia "tunalipa siku 30". Usikimbilie kukubali, uliza siku 30 kutoka lini. Kawaida wanamaanisha unaleta ankara mwisho wa mwezi, halafu siku 30 zinaanza hapo. Mkate wa tarehe 1 unalipwa tarehe 30 ya mwezi unaofuata. Siku moja kabla hujalipwa mara ya kwanza unawadai miezi miwili, zaidi ya milioni 4 na nusu. Kama gharama zako ni 65% ya bei, karibu milioni 3 ya fedha yako mwenyewe imelala jikoni kwao, na ngano unanunua taslimu.

Pendekeza wewe kabla hawajapendekeza wao: ankara mbili kwa mwezi, moja ya tarehe 1 hadi 15, nyingine ya 16 hadi mwisho, kila moja ilipwe ndani ya siku 14. Hapo deni kubwa kabisa ni la mwezi mmoja, na fedha yako iliyofungwa ni kama milioni moja na nusu. Kama hata hiyo huna, usipeleke barua mwezi huu.

Sengerema_Mjini
Samahani kuingilia. Mimi nina keki na mikate, nataka kupeleka nyumba ya wageni Nansio, Ukerewe. Meli inachukua kama saa 3. Barua hii inafaa kwangu pia?

MtunzaStoo
Barua inafaa, muda haufai. Kwa Nansio huwezi kuahidi kifungua kinywa cha siku hiyo hiyo, unaahidi cha kesho yake. Kwa hiyo acha donati, peleka mkate na keki kavu, na upoe kabisa kabla ya kufungwa. Mkate uliofungwa moto unatoka jasho ndani ya mfuko, matone unayaona kwa macho, na siku ya pili au ya tatu ukungu unaanza kwenye pande za slesi. Fungua uzi wako, dada au kaka, tutakuja.

Tanuri, turudi kwako kwenye saa. Hiki ndicho kipengele mpishi mkuu atakachosoma mara mbili. Kifungua kinywa kinaanza saa 12:30 asubuhi. Anataka mzigo saa 11:30 alfajiri ili apange meza. Na anataka kubadilisha idadi usiku, maana wageni wa ndege ya jioni kutoka Dar wanaingia akiwa ameshaagiza. Wewe unaoka saa ngapi?

Tanuri_la_Nyakato
Mkate tunakanda saa 10 jioni, unatoka tanurini saa 2 usiku. Vitafunwa tunaanza saa 8 usiku.

MtunzaStoo
Basi unazo saa mbili tofauti za kufunga oda, ziandike hivyo hivyo. Oda ya mkate inafungwa saa 8 mchana, kwa sababu mnakanda saa 10 jioni, na ukitoka tanurini mkate unahitaji kama saa 3 kupoa kabla ya kisu. Ukikata ukiwa na moto ndani, slesi zinararuka na kisu kinajaa utelezi. Oda ya vitafunwa iache wazi mpaka saa 2 usiku. Hapo umempa mpishi kitu ambacho bekari kubwa hazimpi, maana gari lao lina ratiba ya mji mzima. Ukubwa wao ndio udhaifu wao hapa.

Weka na kiwango cha chini cha safari. Siku mbaya kabisa, wageni 15: mikate 3, vipande 23, inakuja 25,900. Andika chini ya 25,000 nauli inalipwa na hoteli.

MamaVitafunio
Na akichelewa je? Ingependeza aandike kwamba akichelewa analipa hasara yote. Meneja atamwamini.

Mhasibu_Kirumba
Hapana mama. "Hasara yote" ni pamoja na mgeni aliyedai kurudishiwa pesa ya chumba. Weka kikomo: mzigo ukifika baada ya saa 12:15, hoteli inaweza kuukataa bila kulipa, na ikinunua kwingine asubuhi hiyo bekari inafidia tofauti ya bei, isizidi thamani ya oda ya siku hiyo.

MtunzaStoo
Mimi kwenye kufidia tofauti ningekuwa mgumu zaidi. Kukataa bila kulipa kunatosha, tayari amepoteza 50,200. Ukiweka fidia, kuna watunza stoo watakaoandika saa 12:20 kila mara guta likifika saa 12:10.

Mhasibu_Kirumba
Ndiyo maana hati ya kukabidhi mzigo inaandikwa saa na kusainiwa pande mbili, nakala moja anarudi nayo dereva. Bila fidia meneja hana sababu ya kuacha msambazaji aliyenaye.

Tanuri_la_Nyakato
Nyie wawili bado hamjakubaliana, nitaweka ya fidia yenye kikomo kwanza. Viambatisho vipi?

Mhasibu_Kirumba
Cheti cha TIN, leseni ya biashara, usajili wa jengo na bidhaa wa TBS (vyakula vilihamia TBS kutoka TFDA mwaka 2019, kama una cheti cha zamani usikiambatishe), na vyeti vya upimaji afya vya wafanyakazi wote wanne ambavyo havijapita miezi 6. Risiti ya EFD itolewe kwa kila ankara, bila hiyo hulipwi. Na kama mauzo yako hayajafika milioni 200 kwa mwaka na hujasajiliwa VAT, sema wazi kwamba bei hizo hazina VAT, maana mhasibu wao atadhani umeificha.

MtunzaStoo
Barua iende kwa meneja, nakala kwa mpishi mkuu. Usimruke mpishi hata kidogo, meneja akishapokea ataishusha kwake tu. Na ipeleke mwenyewe na sampuli saa 9 mchana, Jumanne au Jumatano, jiko likiwa limetulia kati ya chakula cha mchana na cha jioni. Peleka mkate mmoja mzima na mmoja wa slesi, vipande sita, vyote vimeandikwa tarehe ya kuokwa. Mpishi ataubonyeza, atachoma slesi mbili, kisha ataweka mkate mmoja mpaka kesho yake aone kama umekauka. Usimpe wa asubuhi hiyo ukamwambia wa jana, atajua.

Tanuri_la_Nyakato
Nimeandika upya. Sehemu ya anwani na Kumb. Na. nimeiacha:

"Meneja Mkuu,
Nakala: Mpishi Mkuu.

YAH: PENDEKEZO LA KUPELEKA VITAFUNWA NA MKATE KWA KIFUNGUA KINYWA NA SEMINA

Tunaomba kuwa wasambazaji wenu wa vitafunwa na mkate kwa majaribio ya siku 30, na yakiwaridhisha, kwa mkataba wa miezi 6. Bekari yetu ipo Nyakato, na tunaweza kupokea oda ya vitafunwa hadi saa 2 usiku kwa ajili ya asubuhi inayofuata, pamoja na nyongeza ya semina.

Kwa vyumba 40 tunakadiria mahitaji yenu ya siku ya kawaida kuwa mikate 6 ya gramu 800 na vipande 44 vya vitafunwa, na vipande 120 kwa semina ya watu 60. Mpishi Mkuu ataturekebisha idadi hizi. Mkate, wa slesi au mzima, ni shilingi 2,500. Keki ndogo, donati, hafukeki na skonzi ni shilingi 800 kila kimoja. Bei hazina VAT kwa kuwa hatujasajiliwa.

Oda ya mkate inafungwa saa 8 mchana. Mzigo utafika mlango wa stoo saa 11:30 alfajiri, siku zote saba, na utahesabiwa na kupimwa mbele ya dereva. Kitakachokutwa na kasoro wakati wa kupokea kinarudi na hakilipiwi. Mzigo ukifika baada ya saa 12:15 mnaweza kuukataa, na tutafidia tofauti ya bei mkinunua kwingine, isiyozidi thamani ya oda ya siku hiyo. Oda iliyo chini ya shilingi 25,000 itaongezwa nauli.

Ankara zitaletwa mara mbili kwa mwezi, pamoja na risiti ya EFD, na kulipwa ndani ya siku 14. Bei ya mfuko wa ngano wa kilo 50 ikipanda au kushuka kwa shilingi 10,000 kutoka bei iliyo kwenye risiti tuliyoambatisha, bei ya mkate itabadilika kwa shilingi 110, kwa taarifa ya siku 14.

Tumeleta sampuli za leo. Tunaomba dakika 20 na Mpishi Mkuu, na tunawakaribisha kukagua jiko letu siku yoyote bila taarifa."

MtunzaStoo
Hii inasomeka. Mambo mawili. "Siku yoyote bila taarifa" iache kama kweli hakuna magunia ya ngano yaliyolala sakafuni, maana watakuja. Yapandishe kwenye mbao, mbali na ukuta. Na la pili, semina haina kipengele cha kuahirishwa. Semina ikifutwa saa 9 usiku na vipande 120 umeshaanza?

Bugarika_Junior
Hapo si ndipo mabaki yanarudi sasa 😀 Nilisema.

Mhasibu_Kirumba
Hapo Bugarika ana nusu ya haki. Andika: oda ya semina ikifutwa baada ya saa 2 usiku, hoteli inalipa nusu. Watabishana nawe kwenye hiyo nusu, na mtaishia kwenye theluthi.

MamaVitafunio
Theluthi haifiki hata gharama ya sukari na mayai. Ashikilie nusu.

Tanuri_la_Nyakato
Naongeza nusu. Magunia napandisha leo, barua naipeleka Jumanne saa 9.